Pazia Katikati ya Chumba: Futi Sita na Nusu Kutoka Ukutani

Mgeni anapobisha hodi kwenye chumba kimoja cha kupanga kule Nkuhungu au Chang'ombe, mwenyeji huwa na muda mfupi sana wa kuamua: amkaribishe ndani akae pembeni ya kitanda, au amtolee kiti nje barazani? Akiwa jirani wa chumba cha tatu, hakuna neno. Akiwa mchungaji, shehe, mjumbe wa mtaa au bosi wa kazini, mambo huanza kuwa magumu. Na akiwa mama mkwe aliyeshuka kwenye basi la Mpwapwa asubuhi hiyo, anayetarajia kuhudhuria kliniki ya Hospitali ya Benjamin Mkapa kesho yake, hakuna baraza litakalosaidia. Mama atalala humo humo, na kitanda cha mwanawe na mkamwana kiko futi nne kutoka mlangoni.

Ndiyo maana pazia la kugawa chumba limekuwa samani ya kawaida katika vyumba vya Dodoma. Mji umekua kwa kasi kuliko nyumba zake. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji. Katikati ya sensa hizo mbili, Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli makao makuu, baada ya uamuzi uliofanywa mwaka 1973, na watumishi, wafanyabiashara, mafundi na ndugu zao wakafuata. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilikuwa tayari kimejaza wanafunzi katika mitaa inayokizunguka. Wenye viwanja walijenga kile kinachorudisha fedha haraka: safu ya vyumba, kila kimoja na mlango wake, choo na bomba la maji vikiwa uani kwa wote.

Kugawa nafasi ya kulala na nafasi ya kukaa si jambo geni katika nyanda hizi. Tembe la Wagogo, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, lilikuwa na sehemu ya mbele na sehemu ya ndani, na kulala kulikuwa ndani, mbali na mlango na mbali na jicho la mpita njia. Pwani nako, katika nyumba za mawe za Lamu, ncha za kumbi ndefu zilizowekwa vitanda zilifungwa kwa mapazia. Chumba cha kupanga ndicho kilichovunja utaratibu huo kwa kuweka kila kitu ndani ya kuta nne, na mpangaji ameachiwa aurudishe mwenyewe kwa kitambaa na waya.

Tatizo ni kwamba wengi huanza na kitambaa. Huenda Soko la Majengo, wanapenda rangi, wanapimiwa mita kadhaa, wanarudi nyumbani na ndipo wanapojiuliza pazia likae wapi. Mpangilio huo ni wa kinyume. Kitambaa ndicho kitu cha mwisho kununuliwa. Cha kwanza ni kupima kitanda.

Tuchukue chumba ambacho wapangaji wengi wa mjini watakitambua: upana futi 10, urefu futi 12. Mlango uko kwenye ukuta mfupi wa mbele, kuelekea kushoto. Dirisha liko kwenye ukuta wa nyuma. Balbu moja inaning'inia katikati kabisa, kuta zina kimo cha futi tisa hivi, na juu ni bati lenye kenchi zinazoonekana, hakuna dari. Kitanda ni cha tano kwa sita. Kikilazwa kwa ubavu kwenye ukuta wa nyuma, kinachukua futi 6 kati ya 10 za upana wa chumba, na zinabaki futi 4 za kuweka kabati la nguo. Kutoka ukuta wa nyuma kuja mbele, kitanda kinakula futi 5. Mtu anahitaji angalau futi moja na nusu ya kushusha miguu, kuvaa na kutandika. Hivyo mstari wa pazia unaangukia futi sita na nusu kutoka ukuta wa nyuma, na upande wa mbele unabakiwa na futi tano na nusu kwa kumi. Hapo panaingia kochi dogo, meza, na kona ya vyombo. Panabana, lakini panakalika.

Kitanda kikiwa cha sita kwa sita, hesabu inabadilika. Pazia linasogea hadi futi saba na nusu, na sebule inabaki futi nne na nusu tu. Kochi la kina cha futi mbili na nusu likikaa hapo, mgeni akinyoosha miguu anagusa pazia. Mwenye kitanda kikubwa hivyo anafaa kuchora mstari huo sakafuni kwa chaki kabla ya kutoa hata shilingi, akae nao siku mbili tatu, aone kama watu wanapita bila kuukanyaga. Chaki haina gharama. Wako watakaogundua kwamba bora wauze kitanda wachukue cha futi nne.

Chaki pia itafichua jambo ambalo futi kamba peke yake haionyeshi: balbu iko upande gani. Katika chumba chetu balbu iko futi 6 kutoka ukuta wa nyuma, na pazia liko futi sita na nusu. Maana yake taa imebaki upande wa kitanda, inchi sita tu nyuma ya kitambaa. Usiku ikiwashwa, kila kinachopita kati ya balbu na pazia kinatupa kivuli chake kwenye kitambaa, kikubwa na cha wazi, na aliyeko kwenye kochi anaona mikono ikiinuka, nguo ikivuliwa, kila kitu. Watu hununua pazia zito zaidi wakidhani kitambaa ndicho kibaya, kumbe taa ndiyo iko mahali pabaya.

Kanuni yake ni rahisi. Jicho lililoko gizani huona penye mwanga, na lililoko penye mwanga halioni gizani. Taa kuu ikiwa upande wa kukaa, upande wa kulala unafichika hata kwa kitambaa cha kawaida. Kwa hiyo waya wa balbu unahamishwa kuja mbele futi mbili au tatu kwa idhini ya mwenye nyumba na kwa mkono wa fundi umeme. Upande wa kitanda unawekewa holda yake yenye balbu ndogo, iliyofungwa chini ukutani karibu na kichwa cha kitanda, ili mtu akiwa kitandani asiwe kati ya taa na pazia. Shifoni, ambayo madukani inapendeza kuliko zote, haifai kazi hii hata kidogo. Kipimo cha kitambaa kinafanyika dukani kwenyewe: washa tochi ya simu, iweke nyuma ya kitambaa kwa umbali wa mkono, na mwenzako aweke kiganja katikati. Ukihesabu vidole, rudisha.

Sasa waya. Hapa ndipo mapazia mengi yanapokufa, na kwa kawaida yanakufa usiku, kwa kishindo kinachoamsha nyumba nzima.

Upana wa futi 10 ni mita 3.05. Pazia lenye marinda ya wastani linahitaji kitambaa cha mara moja na nusu ya upana huo, karibu mita 4.6, na kwa urefu wa mita 2.25 pamoja na pindo za juu na chini. Kitambaa cha pamba cha uzito wa kati, gramu 200 kwa mita ya mraba, kinafanya pazia zima liwe na kilo 2 na kitu. Kilo 2 si kitu, mtu anasema, msumari mmoja kila upande unatosha. Lakini waya uliovutwa mlalo haubebi uzito jinsi msumari wa kutundikia koti unavyobeba. Kadiri unavyotaka waya unyooke, ndivyo unavyolazimika kuuvuta zaidi. Ukiuruhusu ulegee sentimita 10 katikati, kila mwisho unavutwa kwa nguvu ya kilo 8 hivi. Ukitaka ulegee sentimita 2 tu, uonekane umenyooka, nguvu inapanda hadi karibu kilo 40, yaani pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na nguvu hiyo yote inauchomoa msumari moja kwa moja kutoka ukutani, kwa njia ile ile ulioingilia. Lipu ya kuta za kupanga mara nyingi ina mchanga mwingi kuliko saruji. Msumari unashikilia wiki kadhaa, shimo linapanuka, unga wa lipu unaanza kuonekana sakafuni chini yake, kisha unang'oka. Unga huo ndio dalili. Anayeuona aushughulikie mapema.

Mwenye waya uliolegea naye ana shida yake. Ringi zote huteleza kuelekea bonde la katikati, pazia linajikusanya hapo, na kwenye kuta mbili linaacha nafasi. Kitanda kinaonekana kupitia pembeni, na katikati kitambaa kinaburura chini.

Kuna dawa ya bei nafuu. Katika chumba kisicho na dari, funga waya wa kusimama kutoka kwenye kenchi hadi katikati ya waya wa pazia. Mwanya umegawanyika mara mbili, na kwa ulegevu ule ule wa sentimita 2 nguvu kwenye msumari inashuka kutoka kilo 40 hadi 10. Mwanya ukipungua nusu, nguvu inapungua hadi robo. Ndivyo waya ulivyo. Kasoro yake ni kwamba ringi haziwezi kupita pale kwenye kifungo, kwa hiyo pazia lishonwe vipande viwili vinavyokutana katikati, kimoja kipishane na kingine kwa sentimita 15.

Dawa bora ni kuachana na waya. Bomba jembamba la chuma la inchi moja, hata lile la unene wa milimita 1, likishikwa ncha mbili kwenye mwanya wa mita tatu linapinda sentimita moja na kidogo tu chini ya uzito wake na wa pazia, na halivuti ukuta hata kidogo; linalala tu. Maduka ya vyuma huuza bomba la mita 6, ambalo likikatwa katikati linapungua sentimita chache kwa chumba cha futi 10, na hiyo ndiyo heri, kwa sababu bomba lisiguse kuta. Nusu nyingine inamfaa jirani, na gharama mnagawana. Mwenye nyumba akikataa ukuta kutobolewa, bomba linatundikwa kwa waya wa kufungia nondo kutoka juu: mbao ya mbili kwa mbili inalazwa juu ya kenchi mbili, na kutoka kwake zinashuka nyaya mbili, kila moja ikishika bomba kiasi cha kiganja kutoka mwisho wake. Ncha za bomba zinavishwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli ili zisikwaruze rangi. Hakuna tundu hata moja ukutani, na siku ya kuhama fundi haitwi.

Penye dari ya jipsamu, tahadhari. Skrubu ikiingia kwenye jipsamu peke yake itatoka na kipande cha dari. Gonga kwa kifundo cha kidole hadi usikie sauti inabadilika kutoka tupu kuwa nzito. Hapo ndipo mbao iko, na hapo ndipo skrubu iende.

Pazia likae juu kiasi gani? Wengi hupenda liguse dari, wakiamini ndiyo faragha kamili. Katika chumba chenye dirisha moja hilo ni kosa, hasa Dodoma. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana joto hupita nyuzi 30 na bati linachemka. Dirisha likiwa upande wa kitanda na pazia limeziba kutoka juu hadi chini, sebule inakuwa oveni na upande wa kulala haupati hewa inayopita kwenda mlangoni. Pazia likianzia futi 7 kutoka sakafuni, kwenye ukuta wa futi 9, zinabaki futi mbili za hewa ya moto kupita juu, na bado hakuna mtu mzima anayeweza kuchungulia. Mchana lifunguliwe lote, lifungwe kwa kamba pembeni. Chini nako liishie sentimita tatu juu ya sakafu, kwa ajili ya deki na kwa ajili ya vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa nyanda hizi husukuma vumbi jekundu kupitia kila ufa wa dirisha, na pindo linaloburura hubadilika rangi ndani ya wiki moja.

Juni na Julai zina hatari nyingine. Usiku baridi hushuka hadi kama nyuzi 13, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani. Pazia halizuii hewa ya sumu ya mkaa, ambayo haina harufu wala rangi. Aliyeko nyuma ya kitambaa anaivuta sawa na aliyeko mbele. Jiko la mkaa libaki nje. Jiko la gesi nalo, hata lile dogo la mtungi wa kilo 6, likae ukuta wa mlangoni, mbali na pazia, na apikaye alisogeze pazia kabla ya kuwasha. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kudondoka ikiwaka. Pamba huungua pia, lakini haidondoki hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua pamba.

Pamba inahitaji kulowekwa kabla ya kushonwa. Ikisinyaa kwa asilimia 3, pazia la mita mbili linapanda sentimita 6, na miguu ya kitanda inaanza kuonekana. Fundi cherehani mzuri atauliza kama kitambaa kimeloweshwa. Kuna vitambaa vya mapazia vyenye upana wa mita 2.8, hivyo vinaweza kulazwa ubavu, upana wa kitambaa ukawa urefu wa pazia, na mita 4.6 zikatosha bila kiungo hata kimoja. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinataka vipande vitatu vya mita 2.25, karibu mita 7 kwa jumla. Muuzaji hatakwambia hivyo. Bei ya mita moja ya kile chembamba ni ndogo, na macho huishia hapo.

Wengine huchagua plaiwudi au mbao. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8 una nguvu, unasimama, unaweza hata kuwekewa rafu. Lakini hauondoki mchana, unaziba dirisha la upande mmoja, na ukifungwa kwenye ukuta mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Kwa mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na hajui mwaka ujao atakuwa wapi, haufai. Kabati la nguo lililogeuzwa likawa ukuta ni wazo bora zaidi, mradi mgongo wake usitazame sebule bila kufunikwa, na mradi lifungwe kwa waya kwenye kitu imara. Kabati refu lenye milango mizito, milango ikifunguliwa yote kwa pamoja, linaweza kumwangukia mtoto.

Na watoto ndio sababu ya pazia kwa nyumba nyingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huhesabu chumba kuwa kimefurika kinapolaliwa na zaidi ya watu watatu. Baba, mama na watoto wawili tayari wamevuka. Godoro la watoto hulazwa usiku sebuleni, kochi likiwa limesogezwa, na hapo suala la njia linajitokeza: choo kiko uani, na anayeamka usiku upande wa kitanda lazima apite. Uwazi wa pazia uwe upande ule ule wa mlango, kushoto kwa chumba chetu, na godoro likae kulia, ili anayetoka asikanyage mkono wa mtu. Wengi huweka uwazi katikati kwa sababu unapendeza, na kila usiku wanaruka watoto.

Pazia huzuia macho, na sauti hulipita. Hili halina dawa kwa kitambaa, hata kiwe kizito vipi. Katika nyumba nyingi za wapangaji kuta zenyewe haziji mpaka kwenye bati, kwa hiyo hata jirani wa chumba cha pili anasikia. Wazazi wenye watoto wakubwa wanajua hilo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya kutafuta chumba na sebule hata kama ni mbali zaidi, kuelekea Nzuguni au Mkonze.

Mama mkwe wa Mpwapwa, kwa desturi ya nyumba nyingi, atapewa kitanda, na wenyeji watashuka kwenye mkeka sebuleni. Hapo faragha inageuka upande: sasa yeye ndiye wa kufichwa. Taa kubwa ibaki mbele kama kawaida, ile ndogo ya kichwani aachiwe aiwashe na kuizima mwenyewe, na ndoo ya maji ya kunywa iwe upande wake ili asilazimike kupita juu ya mkwewe saa nane za usiku.

Siku ya kuhamia chumba kingine, bomba la mita tatu halitatosha penye upana wa futi 12. Fundi wa vyuma ana jibu: bomba la inchi moja linaingizwa ndani ya jingine la inchi moja na robo, linavutwa hadi upana unaotakiwa, na boliti moja inakaza pale yanapopishana. Mapishano yasipungue sentimita 30, na bomba nene likae upande usiofunguliwa pazia, kwa sababu ringi zilizotoshea lile jembamba hukwama kwenye kiungo.